Milioni sita ambazo sikuziandika kwenye mchanganuo

Nimefuga kuku wa mayai huku Mlandizi tangu 2022 na mkopo wa benki ndio ulionianzisha. Watu wengi wananiuliza nilipataje mkopo, hakuna anayeniuliza ilikuwaje nusura nipoteze kila kitu nikiwa tayari nimeshaupata. Leo naandika hiyo ya pili, na yote inahusu mstari mmoja tu kwenye mchanganuo wa biashara, mstari wa fungu la dharura, ambao mara ya kwanza niliufuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Nianze na mchanganuo wenyewe. Nilitaka kuku 1,000. Banda la tofali chini na wavu juu niliambiwa na fundi milioni 11.5. Vyombo vya maji na chakula, tanki na vitu vya kulelea vifaranga milioni 2.2. Vifaranga 1,000 kwa elfu 3 kila mmoja, milioni 3. Chakula mpaka wiki ya 20 nilipiga kilo 8 kwa kuku, yaani mifuko 160 ya kilo 50, mfuko elfu 65, ikaja milioni 10.4. Chanjo na dawa milioni 1.1, kijana wa banda na mkaa na maranda na umeme kwa miezi mitano milioni 1.3. Jumla milioni 29.5. Mimi nilikuwa na 9.5 zangu za kuuza duka, nikaomba benki 20.

Kwenye rasimu ya kwanza nilikuwa nimeweka "dharura asilimia 5", niliiona kwenye andiko la mtu mwingine nikaichukua ilivyo. Kuna jamaa yetu mmoja aliyewahi kukopa akaniambia toa hiyo kitu dada, benki wakiona dharura wanajua unajitengenezea hela ya mfukoni, mradi wako uonekane umebana. Nikafuta. Ki ukweli nilifurahi maana jumla ilishuka na mkopo niliouhitaji ukashuka pia. Benki ile ya kwanza hawakuuliza chochote, walitazama hati ya kiwanja wakapitisha, na mimi nikachukulia kutokuulizwa kuwa ndiyo sifa ya mchanganuo mzuri.

Hela iliingia yote kwa mkupuo mwanzoni mwa Agosti 2022. Muda wa neema miezi sita, riba asilimia 18 kwa mwaka, marejesho miezi 24 baada ya hapo, kila rejesho karibu milioni moja kamili. Sasa hapa kuna makosa mawili ambayo hata siyo dharura, ni ujinga wangu tu. La kwanza, muda wa neema unasimamisha mtaji tu, riba inatembea, laki 3 kila mwezi, na mimi sikuiweka popote kwenye bajeti. La pili, miezi sita inahesabiwa tangu siku hela inaingia kwenye akaunti, siyo tangu siku kifaranga anaingia bandani. Banda lilichukua miezi miwili. Vifaranga wakaja mwanzoni mwa Oktoba. Kwa hiyo rejesho la kwanza kamili lilikuwa linanisubiri mwisho wa Februari, kuku wakiwa na wiki 20, yaani hata kila kitu kingeenda sawa bin sawa ningekuwa na mayai machache mno ya kulipia.

Na hakikwenda sawa. Kiwanja kina mteremko, fundi alipoanza kuchimba akasema upande wa chini msingi lazima upande kozi tatu zaidi, la sivyo mvua za vuli zinaondoka na ukuta. Alikuwa sahihi, ila banda likafika milioni 13.3. Hiyo 1.8 ya ziada niliitoa wapi? Kwenye hela ya chakula, ndiyo iliyokuwepo. Nikajiambia chakula cha wiki ya 15 bado mbali, Mungu atafungua njia.

Wiki ya tano wakapata kuhara damu. Maranda yalilowa pembeni ya vyombo vya maji, kijana akachelewa kuyatoa, siku mbili tu nikaona kinyesi chekundu na vifaranga wamejikunyata mabawa yameshuka. Nikapoteza 60. Dawa na kumleta mtaalamu laki tatu na nusu. Nayo ikatoka kwenye chakula. Halafu Januari ikaja na bei ya mahindi, wanaokumbuka mwanzo wa 2023 wanajua, mfuko wa elfu 65 ukaanza kusogea, 70, 74, mpaka 78. Kuku nao ndio kwanza wameanza kula kama watu wazima.

Mwisho wa Januari, wiki ya 16, nilifungua stoo asubuhi nikakuta mifuko mitatu. Kuku 940 wanakula karibu mfuko mmoja na robo tatu kwa siku, kwa hiyo nina chakula cha mpaka kesho. Kijana alikuwa anakwangua vyombo kwa kopo, na kuku walipomsikia wakamjaa miguuni wanadonoa buti, wanadonoa hata mishono ya suruali. Nilisimama pale mlangoni nikapiga hesabu ya simu, ya benki na ya kwenye kibubu, ikaja laki mbili na kitu.

Nilichofanya hapo ndicho kilichoniumiza kuliko kuhara damu, msingi na bei ya mahindi vyote kwa pamoja. Nikaanza kuwapunja. Nikanunua pumba za mahindi nikachanganya nusu kwa nusu na chakula cha dukani, nikaona wanakula, matumbo yanajaa, nikasema afadhali. Wiki ya 17 mtaalamu akaja na mzani wa kuning'iniza akapima kuku ishirini, wastani kilo moja na gramu mia moja na hamsini, wakati aina ile kwa umri ule inatakiwa iwe na kilo moja na gramu mia nne hivi. Akaniambia mama, hawa hawatataga wiki ya 20, mwili haujafika. Kuku hasukumwi na tarehe, anasukumwa na uzito na mwanga.

Walifika nusu ya utagaji wiki ya 25, mwisho wa Machi. Kawaida ungetegemea wiki ya 21. Wiki nne za kuchelewa, na kila wiki kundi lote la kuku 940, kabla sijauza hata mmoja, lilihitaji mifuko kumi na mbili na nusu kwa elfu 78, karibu laki tisa na themanini. Kwa wiki nne ni milioni 3.9. Juu yake marejesho mawili ya milioni moja moja, la Februari na la Machi, yaliyokuja hakuna yai la maana. Jumla karibu milioni sita. Sasa chukua ile asilimia 5 niliyoifuta, ilikuwa milioni moja na nusu, hata ningeiacha ingenilisha wiki moja na nusu basi.

Hela ya kuziba nilipata hivi. Niliuza mitetea 150 ya wiki 19 kwa elfu 11 kila mmoja, na hapo kila mmoja alikuwa ameshanigharimu zaidi ya elfu 13 kwa kifaranga na chakula tu. Wale wangekuja kunipa trei nne kwa siku. Halafu nikaenda kwenye kausha damu. Milioni 2, riba asilimia 30 kwa mwezi. Nililipa laki sita Machi, laki sita Aprili, laki sita Mei na mtaji wenyewe, 3.8 kwa kuchukua 2. Mume wangu sikumwambia mpaka Aprili, hiyo nayo ina hadithi yake na siiandiki hapa. Rejesho la Machi la benki nililipa nikiwa nimechelewa siku kumi na moja, na nilikuja kuliona tena miaka miwili baadaye.

Tulinusurika kwa sababu mahindi mapya yalishuka kuanzia Juni na trei ilibaki elfu 8 mia tano. Mkopo niliumaliza Januari 2025. Kundi la kwanza nilishaliuza kama kuku wa nyama Aprili 2024 nikaweka la pili kwa hela yangu, na lile la pili ndilo lilikuwa linataga nilipoamua kuongeza banda.

Aprili 2025 nikaenda benki nyingine na mchanganuo mpya, kuku 1,000 wengine. Safari hii namba zilikuwa za risiti zangu, siyo za kuambiwa. Banda 13, chakula nikaweka elfu 72 kwa mfuko, riba ya muda wa neema nikaiandika, jumla milioni 34.8. Chini kabisa nikaandika "mengineyo na dharura: 1,700,000". Asilimia 5 tena jamani, mkono ulijiandikia wenyewe.

Afisa mikopo ni dada mmoja mtaratibu, anaongea chini chini mpaka unasogeza kiti. Alisoma kurasa zote, akafika mstari wa mwisho akauzungushia duara na kalamu.

"Mama, hii milioni moja na laki saba ni ya nini?"

"Ya dharura."

"Dharura ipi?"

Nikanyamaza. Akauliza tena, kuku wakichelewa kutaga wiki tatu, hii inatosha? Nikasema haitoshi. Banda likizidi na chakula kikipanda kwa pamoja? Haitoshi. Akafungua taarifa zangu za mikopo, zile ambazo benki na taasisi zinapeleka na mwenzao anaweza kuzisoma, akanionyesha ile Machi 2023, siku kumi na moja. Akasema hiki ndicho kilichotokea mara ya kwanza, eti? Nikamhadithia yote, mpaka kausha damu.

Hapo akaniambia maneno ambayo sijawahi kuyasoma popote. "Mama, mimi siogopi kuku wako kufa. Kuku wanakufa kila siku na watu wanalipa. Mimi naogopa ukikwama utakwenda kukopa pengine."

Akanieleza wanavyoiona wao upande wa pili wa meza. Benki inalipwa na mayai. Banda lililoishia kwenye linta halitagi, na mtetea wa wiki 18 asiye na chakula anauzwa kwa hasara, kwa hiyo mradi uliokwama asilimia 90 kwao ni kama haukuanza, hela imeshatoka na hakuna kinachorudisha. Hati ya kiwanja wanayo lakini kuuza kiwanja cha mtu ni kesi, ni miezi, ni gharama, hawataki kufika huko. Halafu mteja aliyekwama hakai kimya, anatafuta hela ya haraka, na mwenye hela ya haraka anakusanya kwa haraka, anakuja bandani asubuhi anachukua trei kabla rejesho la benki halijafika. Kwa maana hiyo wanapouliza dharura yako iko wapi wanakuuliza siku ikiharibika utakwenda kwa nani kwanza. Kama jibu halipo kwenye mchanganuo wanajua lipo mtaani.

Na kitu kingine alisema, mstari ule unampa picha kama mtu anaijua biashara yake. Aliyeandika "mengineyo" hajafikiri, na kwao neno hilo ndilo la kwanza kukatwa kwenye kamati ya mikopo. Aliyeandika "wiki nne za chakula kama utagaji utachelewa" ameshawahi kusimama mlangoni mwa stoo. Nilicheka kidogo hapo, machozi karibu.

Akanirudishia mchanganuo nikaandike upya, na hapa ndipo nilipokaa siku tatu na daftari la risiti. Nitaeleza nilivyofanya maana ndiyo sehemu watu wanaikosa, wanauliza asilimia ngapi kana kwamba kuna namba moja ya kila mtu.

Kwanza nikatenga yasiyo dharura. Vifaranga kufa wachache kila kundi siyo dharura, ni jambo la kawaida, kwa hiyo nikapiga mayai kwa kuku 950 na siyo 1,000. Riba ya muda wa neema siyo dharura, imeandikwa kwenye mkataba. Mahindi kupanda kuanzia Desemba mpaka mavuno siyo dharura, inatokea karibu kila mwaka, kama unalea vifaranga msimu huo weka bei ya msimu huo kwenye bajeti yenyewe. Ukishayapeleka haya mahali pake fungu la dharura linabaki na kazi yake, mambo ambayo unajua yanaweza kutokea ila hujui kama yatatokea wala kwa ukubwa gani.

Halafu nikagawa fungu mara mbili, kwa sababu niligundua kuna dharura ya bei na kuna dharura ya muda, na hazipimwi kwa kipimo kimoja.

Ya bei inafaa asilimia, lakini kila mstari na asilimia yake. Banda niliweka asilimia 10, na hiyo ni kwa sababu nilishajenga kiwanja kile kile na najua mteremko wake, angekuwa mtu anajenga mara ya kwanza kwa makadirio ya fundi ya mdomo mimi ningemwambia 15. Mwenye michoro na makadirio ya mtaalamu anaweza kuteremka mpaka 5. Vyombo nilikuwa na profoma mkononi, asilimia 3 inatosha, inafidia nauli. Vifaranga nilishalipia, sifuri. Chakula kilinisumbua zaidi. Risiti za 2022 na 2023 zilionyesha kupanda kwa asilimia 20 ndani ya kundi moja, lakini karibu nusu ya chakula unakuwa umeshanunua kabla hakijapanda, nikaishia asilimia 12. Jumla ya fungu la bei ikaja milioni 2.75.

Ya muda asilimia haifai kabisa, inapimwa kwa wiki. Unajiuliza mradi ukisimama bila kuingiza kitu, wiki moja inakula shilingi ngapi, halafu unajiuliza kuchelewa kwa kawaida katika kazi hii ni wiki ngapi. Kwangu wiki moja ni mifuko 13 kwa elfu 72, laki tisa na thelathini na sita. Wiki nne ni milioni 3.74, weka rejesho moja la milioni, ikaja 4.74. Nilichukua wiki nne kwa sababu ndizo zilizonitokea na majirani wawili niliowauliza mmoja alichelewa wiki mbili mwingine tano. Mwenye mashine ya kusaga atakuwa na wiki zake za kusubiri umeme mkubwa kuunganishwa, mwenye kuagiza mzigo ana za bandarini. Ndiyo maana asilimia 5 ya mtu mwingine haikusaidii, yeye labda alikuwa anafungua duka la vipodozi ambalo linauza siku ile ile linapofunguliwa.

Jumla nikawa na 7.49, zaidi ya asilimia 21 ya mradi mzima. Nikampelekea yule dada nikijua nimefaulu mtihani. Akatikisa kichwa. Kubwa mno nayo ni tatizo, kamati ikiona fungu lisilo na kazi maalumu linafika moja ya tano wanasema ama makadirio yako huyaamini mwenyewe ama unataka hela ya kitu kingine. Na ukiikopa yote unailipia. Alinipigia pale pale, kwa riba ile na miezi 24, kila milioni moja unayoongeza kwenye mkopo inaongeza karibu elfu 50 kwenye rejesho la kila mwezi, sasa milioni saba na nusu ni laki tatu na sabini na kitu kila mwezi kwa hela ambayo pengine imelala. Fungu la dharura lenyewe linakuwa ndio dharura.

Akaniambia kabla hujaongeza fungu punguza hatari. Hilo nililiona la maana sana. Vifaranga nikapanga waingie mwanzoni mwa Julai badala ya Oktoba, ili wiki 20 zote ziishe Novemba kabla bei haijaanza kupanda. Mahindi ya kuchanganyia nikanunua Juni kwenye mavuno nikayahifadhi yakiwa makavu kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Angalizo, ni mahindi punje ndiyo unahifadhi, chakula kilichokwishachanganywa ukikiweka muda mrefu kwa unyevu wa huku Pwani kinaota ukungu na kuingia sumukuvu, unaua kuku kwa akiba yako mwenyewe. Kwa kufanya hivyo fungu la bei likashuka mpaka milioni 2. Kwenye fungu la muda tukahesabu kwamba kundi linalotaga tayari linaweza kubeba wiki mbili za chakula cha wenzao, likashuka mpaka 2.9. Jumla 4.9, kama asilimia 14, na kila shilingi ina maelezo yake pembeni.

Sasa iko wapi hiyo hela, hili nalo walilishikia bango. Milioni 2 za bei zilikuwa ndani ya mkopo lakini zikabaki benki kama awamu ya mwisho, hazitoki mpaka nilete risiti na barua ya sababu, na riba haizigusi mpaka zitoke. Uliza lakini, maana kuna wakopeshaji wanatoza ada kwa hela waliyokutengea hata usipoichukua. Milioni 2.9 za muda zilikuwa zangu, niliziweka akaunti ya peke yake isiyo na kadi wala haijaunganishwa na simu, kutoa lazima niende dirishani. Wakopeshaji wanapenda sehemu ya fungu iwe mfukoni kwa mteja mwenyewe, kwa sababu anayetumia hela yake kwanza anafikiri mara mbili.

Tukapima pia rejesho, walitaka kwenye kila milioni ya rejesho nibaki na angalau milioni moja na laki mbili au tatu baada ya gharama za uendeshaji. Kwa kuku 950 wakitaga asilimia 85 na chakula elfu 78 nilikuwa nabaki na milioni moja na nusu, tukapita. Akaniambia sasa weka asilimia 70. Trei zikawa 22 kwa siku, chakula kinabaki kile kile maana kuku asiyetaga naye anakula, nikabaki na laki mbili na themanini kwa mwezi. Nilipata baridi. Tofauti kati ya kulipa na kutolipa ilikuwa trei tano kwa siku. Ndiyo maana lile rejesho moja liliwekwa ndani ya fungu la muda na hawakukubali niliondoe.

Mkopo ukapita. Kampuni ya vifaranga wakachelewesha wiki mbili, vijana wanalipwa banda tupu. Pampu ya maji ikaungua Septemba, laki nne na themanini. Kuku wakafika nusu ya utagaji wiki ya 22, wiki moja tu nyuma, kwa sababu hawakukosa chakula hata siku moja. Kwa yote hayo nilitumia milioni 2.1, yote kutoka akaunti yangu. Zile 2 za benki sikuzichukua, nikasaini karatasi kwamba awamu ile imefutwa na mkopo ukabaki 18.

Kwenye akaunti ilibaki laki nane. Tangu Desemba kila Jumamosi naweka bei ya trei saba, moja kwa kila siku ya juma, mpaka irudi 2.9, na nimeandika kwenye jalada la daftari mambo manne yanayoruhusu kutoa: chakula, ugonjwa, maji, rejesho. Januari hela ya ada ya mtoto wa pili ilipungua laki nne, mume wangu akaniambia si kuna ile hela. Nikamwonyesha jalada. Akachukua kalamu akaandika la tano, "ada", nikalikata, tukacheka, ada tukaitoa kwenye kikoba.

Hadi wiki iliyopita nilikuwa nimefika 2.1.